Neno la Dakika Mbili Kabla ya Chakula

Chakula cha jioni cha wakwe, hapa Kiamunyi, Nakuru, kina mpangilio ambao hata mtoto anaujua. Watu wananawa, mchungaji anaombea chakula, sahani zinajaa, zinaisha, halafu ndipo hotuba zinapoanza, moja baada ya nyingine, mpaka msemaji wa mwisho anaihutubia migongo ya watu wanaotafuta viatu vyao mlangoni. Kila mmoja anashukuru, kila mmoja anarudia aliyoyasema mwenzake, na kila mmoja anaahidi kwamba hatasema mengi.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye anayeitwa na familia nyingi za mtaa wetu kuwapokea wakwe kwa maneno. Yeye amekataa mpangilio huo kwa sehemu moja tu. Husimama kabla ya sala, watu wakiwa na njaa tumboni na glasi mkononi, akasema kwa dakika mbili, akainua glasi, akaketi. Hotuba za baada ya chakula anawaachia wengine, na mara nyingi wakati huo utamkuta jikoni akitafuta chai. Nimemsikiliza katika nyumba nyingi, na kwa muda mrefu nilidhani ana kipaji cha kuzaliwa. Nilipoanza kumfuatilia tangu siku ya kuamkia shughuli, niliona kazi yenyewe, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa kutumia jioni moja ya mwezi wa nane ambapo alikuwa akizungumza kama mjomba wa binti.

Familia ya binti ni ya Wagĩkũyũ wa hapa Kiamunyi. Wakwe walikuwa Watugen kutoka Marigat, kule Baringo. Mazungumzo ya mahari yalikwishamalizika siku nyingine, kwa hiyo jioni ile haikuwa ya kuhesabu wala kudai. Ilikuwa ya kula pamoja, nyumba mbili zikitazamana kwa mara ya kwanza bila daftari mezani.

Kazi ya Mwalimu ilianza siku moja kabla, kwa simu. Alimpigia kijana anayeoa, na maswali yake yalikuwa machache lakini hakuruka hata moja. Katika msafara wenu, mkubwa kuliko wote kwa umri ni nani? Mnamwitaje nyumbani? Kuna asiyekunywa maziwa? Mnakuja na nini mkononi? Na mwisho, hili ambalo kijana alilicheka kidogo: nitajie majina ya wazazi wako polepole, mara mbili, nami niyarudie unisikilize.

Swali hilo la mwisho lina sababu yake. Wengi wetu tuliolelewa na Kigĩkũyũ ulimi wetu huzichezea herufi za L na R, na majina ya Kikalenjin yamejaa zote mbili. Isitoshe, majina hayo yana habari ndani yake. Kiplagat ni mtoto wa kiume aliyezaliwa jioni, Kiprop ni wa wakati wa mvua, Chebet ni wa kike aliyezaliwa mchana. Ukimwita mtu Kipragat mbele ya mkewe na watoto wake, hujakosea matamshi tu, umemwonyesha kwamba ulikuwa na wiki nzima ya kujifunza jina lake na hukujifunza. Mwalimu hulirudia jina akiwa shambani kwake nyuma ya nyumba, kwa sauti, mpaka ulimi uzoee. Majirani wamezoea kumsikia akizungumza na sukumawiki.

Kutoka kwenye simu ile alipata mambo matatu. Bibi yake kijana, mama aliyepita miaka themanini, alikuwa ameng'ang'ania kuja ingawa wanawe walimsihi abaki. Nyumbani wanamwita kogo, neno ambalo Wakalenjin humwitia bibi. La pili, wangeleta asali na kibuyu cha mursik. La tatu, baba yake kijana ni mtu wa mizaha, ila huwa mkimya kwa watu asiowazoea. Mwalimu aliyaandika hayo nyuma ya bahasha ya zamani. Bahasha ile ndiyo karatasi pekee ya kazi nzima, na hakuibeba alipokwenda kuzungumza.

Kibuyu kilimpa shida ya kufikiria. Kwa kawaida glasi za shughuli kama hii hujazwa soda, na anayeinua glasi hainui kitu chenye uzito wowote wa maana. Mursik ni maziwa yaliyochachuka kwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti uitwao senetwet, na huo mkaa ndio unaoyapa rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi. Kwa Wakalenjin ni kinywaji cha kumpokea mtu wa heshima, na Wakenya wote wamewaona wanariadha wakinyweshwa wanaposhuka uwanja wa ndege na medali. Mwalimu aliamua kwamba heshima kubwa anayoweza kuwafanyia wakwe ni kuinua kilekile walichokileta. Alimwomba dada yake akipokee kibuyu wakifika, akiweke jikoni, akitikise vizuri kabla ya kumimina kwa sababu maziwa hayo hujitenga yakitulia, na amimine kidogo tu, robo ya glasi, ili asiyeyazoea asije akakaa na glasi nzima usoni jioni yote. Wasioyanywa wapewe maji. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna mkono mtupu chumbani atakaposimama.

Wako wanaodhani kuinua glasi ni jambo la walevi, na mwanzoni wachungaji wetu walimwangalia Mwalimu kwa jicho la pembeni. Lakini glasi haihitaji pombe ndani yake ili iinuliwe. Tarehe 23 Mei 2024, katika chakula cha jioni cha kitaifa Ikulu ya Marekani, Rais Joe Biden aliinua glasi kumpokea Rais William Ruto, naye Ruto akainua yake kujibu, na wote wawili ni watu wasiokunywa pombe. Mchungaji wa kwetu aliposikia hivyo aliomba aongezewe mursik.

Saa moja na nusu usiku watu walikuwa wameketi, kama ishirini na watano hivi, sebuleni na kwenye ukumbi mdogo wa mbele. Mwalimu alifanya mambo mawili ambayo hakuna aliyeyatambua. Alizima runinga yeye mwenyewe, bila kumtuma mtoto. Kisha hakusimama katikati ya chumba, alisimama karibu na mlango wa jikoni, upande ambao kogo angemwona bila kugeuza shingo. Akanyamaza mpaka vijiko vikanyamaza. Halafu akasema haya. Majina nimeyaondoa, kwa sababu ni ya watu, na mahali pake nimeweka vyeo vya ukoo:

"Wazazi wetu, wakwe zetu, ndugu zangu, chamgei.

"Sitawachelewesha. Kuku amenituma niwaambie kwamba anapoa.

"Leo mmetoka Marigat jua likichoma, mkavuka ikweta, mkapanda mpaka hapa Kiamunyi, mahali ambapo tunalala na blanketi mbili. Kogo, nimeambiwa ulikatazwa kuja, ukawaambia watoto wako wasubiri kwanza wafike umri wako ndipo wakushauri. Safari hiyo hatuna cha kuilipa. Tuna kiti tu, na umeshakikalia.

"Baba na mama wa kijana wetu, mtoto wenu aliingia katika lango hili mara ya kwanza mwezi wa nne. Mvua ilikuwa inanyesha na gari la jirani lilikuwa limezama kwenye tope. Alivua viatu vyake vipya akasukuma, kabla hajauliza gari ni la nani. Tukasema, huyu amelelewa. Leo tumewaona waliomlea.

"Wako watu hamjawaona kwa sababu wako jikoni tangu alfajiri. Dada zangu, sogeeni mlangoni mwonekane.

"Maziwa haya yamekuja na nyinyi, glasi ni za dada yangu. Naomba tusimame. Kogo, wewe kaa, sisi ndio tunaokusimamia. Kwa kogo, aliyekuja kutuona: maisha marefu!"

Chumba kikajibu "Maisha marefu!", watu wakanywa, mtoto mmoja akakunja uso kwa uchachu wa mursik na kila mtu akacheka. Mwalimu akasema "Kongoi mising, mchungaji, tuombee chakula," akaketi.

Maneno yale hayafiki mia mbili. Kwa mwendo wa mtu anayepumua na kusubiri kicheko kiishe, ni dakika mbili kasoro. Vyama vya Toastmasters, ambavyo vilianzia California mwaka 1924 na sasa vimefika hadi miji yetu, huwafundisha watu kujibu swali la papo hapo kwa dakika moja hadi mbili: taa ya kijani huwaka dakika ya kwanza, ya manjano dakika moja na nusu, nyekundu dakika ya pili. Mwalimu hajawahi kuketi katika chama hicho. Taa yake ni chakula. Anajua kwamba harufu ya kuku ikishatoka jikoni, ana muda ule tu ambao mtu mzima anaweza kujizuia kutazama mlango.

Nataka tulitazame neno lake polepole, maana kila sehemu ina kazi yake.

Kwanza salamu. Amesalimu mara moja, kwa neno moja la Kikalenjin, basi. Hapa kwetu msemaji akisimama huanza na "Bwana asifiwe", asiporidhika na sauti huirudia, kisha "Mungu ni mwema", kisha "hamjambo", kisha ya Kigĩkũyũ, kisha anawauliza watu kama wamelala. Hadi amalize, dakika mbili zimekwisha na hajasema lolote. Neno moja la lugha ya mkwe, likitamkwa sawasawa, linatosha. Mwalimu hasemi la pili papo hapo, kwa sababu anajua la pili litamfichua kwamba hajui la tatu. "Kongoi mising", shukrani, ameliweka mwishoni kabisa, mbali na lile la kwanza, ndipo likasikika kama zawadi.

Kisha mpangilio wa watu. Katika mikutano ya serikali mtu huanza na mwenye cheo kikubwa zaidi, na asiyejua vyeo hujifunika kwa "itifaki izingatiwe". Mle ndani kulikuwa na diwani mstaafu na meneja wa benki. Hawakutajwa. Aliyetajwa kwanza ni mkubwa kwa umri, kisha wazazi wa kijana, kisha wapishi. Watatu tu. Mwalimu ananiambia kwamba ukitaja kumi, wa kumi na moja ana haki ya kununa. Ukitaja watatu kwa sababu inayoonekana, hakuna anayeuliza kwa nini hakutajwa. Umri unaonekana. Uzazi unaonekana. Na wapishi, baada ya kusogea mlangoni na mikono yao yenye unga, walionekana pia.

Halafu kuna kisa cha gari. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, maana nilijua alikuwa na kisa kingine kizuri zaidi. Miaka ya nyuma alimfundisha mvulana kutoka pande za Marigat aliyekuwa akitembea na asali katika chupa ya dawa na kuwagawia wenzake darasani. Kisa kinachekesha, na kinaunganisha Marigat na asali waliyoleta. Alikiacha. Nilipomuuliza, alisema kisa kile kinamhusu mwalimu na mwanafunzi wake, na waliokuwepo hawamjui mwanafunzi huyo, kwa hiyo wangebaki wakimtazama mwalimu. Cha gari kilimhusu kijana waliyekuja naye, kilitokea pale nje ya lango, na kilikuwa na shahidi: mwenye gari alikuwa ameketi pale pale. Tena hakumrundikia kijana sifa. Hakusema ni mpole, mwenye bidii, mcha Mungu. Alitaja viatu vipya, akawaachia watu wengine kazi ya kusifu.

Na kisa kile kilikuwa na mlango wa mtu mwingine kuingilia. Katika dhifa za kitaifa mwenye nyumba huinua glasi kwanza na anayepokewa hujibu, na hata katika nyumba zetu mtu wa upande wa pili lazima aseme kitu. Msemaji mbaya humwachia mwenzake ukuta: amesifu kila kitu, ameshukuru kila mtu, ameomba baraka zote, na anayejibu hana pa kushika. Mwalimu alikuwa ameambiwa kwamba baba yake kijana ni mtu wa mizaha anayenyamaza kwa watu wageni. Kwa hiyo alimpa gari lililozama. Baada ya chakula, yule baba alisimama, akakohoa, akasema kwamba asisifiwe kwa malezi, kijana alijifunza kusukuma kwa lazima kwa sababu gari la nyumbani la kubebea mbuzi haliwaki mpaka lisukumwe na familia nzima. Kicheko kilipotulia hakuwa mkimya tena usiku ule.

Sasa soma tena neno lile, utafute neno moja: mgeni. Halimo. Mtu amesimama kuwapokea wageni, na neno lenyewe hakulitumia hata mara moja. Wala hakusema "wenyeji". Kwingine hilo lingekuwa jambo dogo, na huko Pwani mtu angeshangaa, maana mgeni ni neno la heshima kubwa. Lakini hapa Bonde la Ufa neno hilo limepita mikononi mwa wanasiasa. Katika mapigano ya kikabila ya miaka ya 1991 na 1992, ya Njoro mwezi wa Januari 1998, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliambiwa kwamba wao ni wageni na warudi kwao, na "madoadoa" likawa jina la binadamu waliotakiwa kuondolewa. Neno hilo la madoadoa liliingizwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa katika orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022. Mgeni halikuingizwa, na haliwezi kuingizwa, kwa sababu bado tunalihitaji kila siku.

Katika chumba kile walikuwemo watu wa upande wa binti waliolala kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwaka 2008. Na upande wa pili nao walikuwa na watu wao waliokimbia kutoka mjini Nakuru wakati huo huo. Hakuna aliyekuwa anazungumzia hayo jioni ile, na Mwalimu hakutaka kuwa wa kwanza. Wako wanaopenda kusimama mbele ya meza kama hiyo na kutangaza kwamba sasa makabila yamepatana, kwamba ndoa hii ni daraja. Mwalimu anaona huko ni kuwatwika watoto wawili mzigo wa siasa kabla hawajanunua hata kitanda. Njia yake ni kuwapa watu majina ya ukoo: wakwe, wazazi, kogo, kijana wetu. Mkwe hawezi kuambiwa arudi kwao. Hata "kwetu" na "kwenu" amezikwepa. Kibuyu hakikutoka kwenu, kimekuja na nyinyi, na glasi si zetu, ni za dada yake. Nilipomtajia hilo alicheka, akasema miaka yake ya kusahihisha insha imemfundisha kwamba kazi nyingi ni kufuta.

Mwisho, kuinua glasi kwenyewe. Sehemu hii ndogo ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko zote. Nimewaona watu wakisema "inueni glasi" halafu wanakumbuka la kuongeza, na chumba kizima kinabaki na mikono hewani, mmoja anashusha, mwingine anakunywa, mwingine anauliza kama bado. Nimeona shughuli ambapo soda zilikuwa mezani lakini hazijafunguliwa, na neno zuri likafa huku kifungulio kikipitishwa meza hadi meza. Mwalimu anafuata utaratibu usiobadilika: kwanza anataja kilichomo katika glasi, ili kila mtu aitazame yake na aliye mtupu ajijue, kisha anawaomba wasimame, kisha anamtaja anayeinuliwa, kisha maneno mawili ya mwisho, mafupi, ambayo ndiyo watu watakayoyarudia. Baada ya hayo maneno mawili haongezi kitu. "Maisha marefu" hurudiwa kwa urahisi na mdomo wowote. "Mungu azibariki nyumba hizi mbili kwa amani na upendo" yatarudiwa nusu na nusu yatapotelea katika vicheko vya haya.

Kumwinulia mtu mmoja, si meza yote, ni hila yake nyingine. Kila mtu akiwa ndiye anayeheshimiwa, hakuna wa kumtazama, na macho yanazunguka. Walipomtazama kogo wote kwa pamoja, yeye peke yake ameketi na watu wazima wamesimama, heshima ilikuwa na mahali pa kwenda. Na lile "wewe kaa" lilimwokoa na aibu ya kunyanyuka kwa shida mbele ya watu asiowajua. Alikuwa ameanza kushika mkono wa kiti. Mwalimu alimwona kwa sababu alikuwa amechagua pa kusimama.

Hakosi kasoro. Sauti yake imeanza kuzeeka, na waliokuwa ukumbi wa mbele walikosa sentensi ya blanketi. Mvua ya mawe ikipiga mabati hana la kufanya ila kungoja, na ameshawahi kungoja mpaka ugali ukapoa. Pia hawezi kazi hii katika shughuli kubwa. Watu wakizidi arubaini, wapishi wakiwa wa kukodi na spika zikiwa za kukodi, njia yake haifanyi kazi, kwa sababu imejengwa juu ya kumwona kila mtu na kujua alikuja na nini. Huko kunahitaji mshereheshaji, na washereheshaji wazuri Nakuru wapo.

Desemba inakuja, mwezi wa wakwe. Nyumba kadhaa za mtaa wetu zimeshamwomba awazungumzie, naye amekubali moja tu. Zile nyingine hazikuweza kumwambia ni nani hasa wanaokuja, na bila hilo, anasema, atakuwa anahutubia viti.